Mteja Amerudi na Gauni Akifoka: Mwongozo Kamili kwa Fundi Cherehani

Mafundi wengi mnaniambia mnajua vizuri kwamba mteja akifoka ni heri kunyamaza, na bado ikifika saa yenyewe mnajikuta mnajibu. Wengine mnafaulu kunyamaza, lakini mteja akishatoka hamna mlichobaki nacho isipokuwa uchungu. Wiki inayofuata kosa lile lile linarudi kwenye nguo ya mtu mwingine.

Sababu ni kwamba hapa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea maneno bila kujitetea. Ya pili ni kuyachambua upate lenye faida. Kila moja ina saa yake, na fundi anayejaribu kupima ukweli wa maneno huku bado anatupiwa hayo maneno hushindwa zote mbili. Hapa chini nimezitenganisha.

Mfano nitakaoutumia ni gauni la kitenge lililorudishwa kwa fundi mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, ambaye baadaye nilikaa naye mezani tukalichambua. Amekubali lisimuliwe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mteja hajaja

- Daftari la malalamiko, tofauti na lile la vipimo. Ukichanganya, hutayapata maneno ya mteja siku ukiyatafuta.
- Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza, kwa sababu ukianza kutafuta kalamu mteja ataona unamkwepa.
- Daftari la vipimo, lenye tarehe ya kupima na tarehe uliyoahidi.
- Tepu ya kupimia ambayo haijavutika. Ilinganishe na rula ya chuma, kwani tepu ya zamani huongeza robo inchi bila wewe kujua.
- Kiti cha mteja, kisicho na nguo juu yake.
- Mabaki ya kitambaa cha kila mteja, yaliyofungwa pamoja na kuandikwa jina. Yatunze angalau mwezi mmoja.

Ujue pia siku zako za hatari. Huku kwetu harusi na mazishi mengi huangukia mwisho wa wiki, kwa hiyo nguo huvaliwa Jumamosi na lalamiko hufika Jumatatu asubuhi. Usipange kukata kitambaa cha gharama Jumatatu kabla ya saa nne.

## Hatua ya 1: Weka makasi chini, kaa sawa

Mteja akiingia na sauti ya juu, weka chini chochote ulichoshika. Toa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Kama amesimama, simama. Akikaa, kaa. Kisha toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoingiza.

Mwili ukisikia shambulio hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hukimbia, mikono hutafuta kitu cha kufanya, na ulimi hutoka kabla ya fikira. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mbio, lakini pumzi unaweza kuirefusha, na moyo huifuata. Mkono ulioshika makasi nao humwambia mteja jambo ambalo hukukusudia.

Tahadhari: usitabasamu. Kwako ni adabu au aibu, kwake ni dharau. Na usimpe soda wala chai wakati huu. Mtu aliyekasirika akipewa soda huona ananyamazishwa kwa shilingi hamsini.

Umefaulu ikiwa mteja ametoa sentensi zake mbili za kwanza na hujasema neno zaidi ya "Karibu, mama" au "Nakusikiliza, dada."

## Hatua ya 2: Mwache amalize, wewe ukiandika

Mwambie, "Mama, wacha niandike nisije nikasahau." Andika maneno yake jinsi alivyoyasema. Akisema "umenivalisha gunia," andika gunia. Usiandike "halikumkaa vizuri," kwa sababu hayo ni maneno yako na tayari umeyalainisha.

Kuandika kunasaidia kwa njia mbili. Mikono na macho hupata kazi, na kwa hiyo ulimi hutulia. La pili ni kubwa zaidi: baada ya saa moja utakumbuka lile neno lililokuchoma tu, na mengine yote yatakuwa yamepotea. Fundi wa Kondele aliniapia kwamba mteja wake "alitukana tu." Tulipofungua daftari tulikuta kuna mambo manne ya kazi ndani ya matusi hayo.

Wateja wengine huogopa wakiona unaandika, wakidhani unatafuta ushahidi. Mgeuzie daftari asome. Nimeona sauti ikishuka palepale, kwa sababu ameona maneno yake yamefika.

Kuna maneno ambayo yakikutoka yamekuwa utetezi, hata ukiyasema kwa upole: "lakini," "wewe ndiye ulisema," "kitambaa chako," "wateja wengine hawajalalamika." Huenda ni kweli kitambaa kilikuwa kibaya. Huenda ni kweli alinenepa tangu siku ya kupimwa. Ukweli huo hautapotea. Utakuja na namba zake kwenye hatua ya mwisho, na hapo atausikia. Ukiutoa sasa, mteja ataacha kueleza gauni na kuanza kueleza tabia yako, nawe utakuwa umepoteza habari uliyoihitaji.

Usiwe bubu, hata hivyo. Uso uliokauka huongeza moto. "Eeh, mama," "naam," na kutikisa kichwa vinatosha.

Jambo jingine ni wateja wengine waliomo dukani. Fundi hutamani kumvuta mlalamikaji pembeni ili jina lisiharibike. Usimvute. Ataelewa kwamba unajali wasikilizaji kuliko yeye. Mwonyeshe kiti tu, na akikataa, aendelee akiwa amesimama.

## Hatua ya 3: Uliza maswali mawili, usiongeze la tatu

Akipumua, uliza: "Nionyeshe ni wapi." Kisha, "Ulikuwa unafanya nini lilipotokea?"

Swali la kwanza linatoa lalamiko kwenye utu wako na kuliweka kwenye nguo. Mkono wa mteja ukigusa mshono, mmeanza kuongea kazi. La pili ndilo mafundi hulisahau, nalo ndilo lenye dawa. Nguo iliyopasuka mtu akiinama ina kosa tofauti na iliyopasuka akiketi au akiinua mkono kuimba.

Usiulize "kwa nini hukujaribu kabla ya kuondoka?" Hilo ni shtaka lililovaa nguo ya swali.

## Hatua ya 4: Mrudishie alichosema, mpe saa

Soma kutoka kwenye daftari: "Umesema mikono hainyanyuki. Umesema zipu ilifunguka ulipoketi. Umesema nilichelewesha. Kuna kingine?" Hilo "kuna kingine?" ulimaanishe. Mara nyingi jambo linalomuuma zaidi hutoka hapo, kwa sauti ya chini.

Kisha sema pole kwa yaliyompata: "Pole sana kwa aibu uliyoipata mbele ya wageni." Hiyo si kukiri kosa la kazi, ni utu. Usiseme "yote ni makosa yangu," kwa kuwa bado hujui, na ukija kugundua kwamba sivyo, utajikuta unarudisha neno lako. Usiahidi pesa pia. Ahadi iliyotolewa kwa hofu huwa kubwa mno au ndogo mno.

Ahidi saa tu: "Niachie gauni. Nitalipima leo, kesho saa nne asubuhi nitakupigia." Andika saa hiyo mbele yake.

Umefaulu ikiwa ameacha gauni. Mteja aliyekata tamaa nawe huondoka nalo.

Mipaka. Kusikiliza si kuvumilia kila kitu. Akikugusa, akitupa vitu, akitukana kabila lako au mwili wako, simama na useme mara moja: "Gauni nitalishughulikia. Haya mengine siwezi. Rudi tukiwa tumetulia." Kisha nyamaza kweli. Akiendelea, muite jirani. Na kama wewe ni mwanafunzi wa duka na nguo ilikatwa na mwenye duka, andika maneno na umpe mwenyewe. Usibebe kosa ambalo huna mamlaka ya kulirekebisha.

## Hatua ya 5: Liache gauni

Litundike. Usiliguse kwa nusu saa hata kidogo. Moyo uliokimbia huhitaji dakika 20 hivi au zaidi kutulia, na ukipima mapema utapima ukitafuta ushindi.

Katika nusu hiyo, usiende kusimulia kwa majirani. Watakuambia kwa mapenzi mema, "Wateja wa siku hizi ni shida," na ukishakubali neno hilo mlango umefungwa. Fanya kazi ya mkono isiyohitaji akili: shona vifungo, fagia nyuzi, piga pasi.

## Hatua ya 6: Vunja maneno moja moja

Sasa fungua daftari. Haya ndiyo yaliyoandikwa siku ile Kondele:

"Wewe si fundi, ni mharibifu. Nimelipa elfu tatu na mia tano nikavaa gunia. Siwezi kuinua mikono. Zipu ilifunguka mbele ya wakwe nikafunikwa na leso. Ulisema Alhamisi ukanipa Ijumaa usiku. Heri ningenunua mtumba Kibuye."

Chora mistari ukurasa uwe na sehemu tatu. Kushoto andika sentensi yake. Katikati andika kilichoonekana au kuhisiwa mwilini. Kulia andika mahali utakapoweka tepu.

"Siwezi kuinua mikono" ni rahisi: katikati ni mkono kukwama, kulia ni shimo la mkono na upana wa mgongo. "Zipu ilifunguka" ni rahisi pia: nyonga. "Ijumaa usiku" haipimwi kwa tepu, inapimwa kwa daftari la tarehe.

"Wewe si fundi" haina pa kuweka tepu. Kabla hujaifuta jiulize: kama ningeikubali, ningebadilisha mkato gani? Ukikosa jibu, ifute kwa mstari mmoja. Ya mtumba nayo ni hivyo hivyo.

Sasa "gunia." Fundi alitaka kuifuta, nikamzuia. Lina picha ndani yake: nguo pana, inayoning'inia. Na hapo kuna kitu cha ajabu, kwa sababu mtu huyohuyo anasema mikono imebana. Nguo inawezaje kupwaya na kubana kwa pamoja? Mafundi wengi wakifika hapa huamua kwamba mteja anajipinga, basi ni mwongo. Mimi nasema malalamiko mawili yanayogongana ndiyo ya kuchunguza kwanza. Huwa yanaelekeza mahali pamoja.

Shika kanuni hii: mteja huwa sahihi kuhusu mahali panapomuuma, na mara nyingi hukosea kuhusu sababu na dawa. Yule mama alitaka shimo la mkono "lipanuliwe." Dawa hiyo ingeharibu gauni kabisa, na utaona kwa nini.

## Hatua ya 7: Pima, usikisie

Lilaze gauni mezani. Kutoka ncha ya bega hadi kwapani lilikuwa na inchi 10. Kwa kifua cha inchi 40 fundi huyu kwa kawaida hukata inchi 8 na nusu. Shimo lilikuwa limeshuka inchi moja na nusu.

Hapo gunia na mikono vikakutana. Shimo la mkono likishuka, kitambaa hujikusanya chini ya kwapa na kupwaya, ndiyo gunia. Na mkono ukiinuka, hauna mahali pa kupandia, unalazimika kuvuta ubavu mzima wa gauni, ndiyo kukwama. Ukilipanua kuelekea chini unaongeza shida. Shimo linalomruhusu mtu kuinua mkono ni lile lililo juu, karibu na kwapa, pamoja na mkono wa nguo wenye upana wa kutosha.

Kwa kuwa kitambaa kilikwisha kukatwa, dawa iliyobaki ni kipande cha umbo la almasi kinachoshonwa kwapani, chenye pande za inchi 3 hivi. Alikuwa ameletewa yadi 6 za kitenge, na mabaki yalikuwapo.

Nyonga: daftari lilisema 42. Gauni lilipolazwa lilikuwa inchi 21 na robo, yaani 42 na nusu kulizunguka. Limezidi mwili kwa nusu inchi tu. Alipimwa amesimama, na mtu akiketi nyonga hupanuka. Kitambaa kisichovutika kama kitenge cha pamba kinahitaji walau inchi 2 za nafasi hapo. Bila hizo, nguvu yote inaenda mahali dhaifu, na mahali dhaifu ni zipu ya mgongoni. Kwa hiyo zipu haikuwa mbovu. Fundi angeibadilisha kwa nyingine ya chuma na ingefunguka tena, au mshono ungepasuka badala yake.

Bahati njema, aliacha akiba ya inchi moja kwenye mishono ya ubavuni. Mishono ni miwili, kila mmoja una kingo mbili. Ukiachia nusu inchi kila ukingo, umepata inchi 2.

Tahadhari: pima pia yale unayoamini hukukosea. Ukipima tu mahali alipolalamikia, utakosa kujua kama kosa ni la mahali hapo au la gauni zima.

Umefaulu ikiwa kila sentensi uliyoibakiza ina namba au tarehe kando yake. Isiyo nayo bado ni hisia, yako au yake.

## Hatua ya 8: Omba macho ya fundi mwingine, bila kumpa hadithi

Tundika gauni, muite fundi unayemheshimu, uliza swali moja: "Ungekuwa wewe, ungerekebisha nini hapa?" Usimwambie nani alilalamika wala alisema nini. Ukimsimulia kwanza, atakutetea kwa sababu ni rafiki yako. Asipojua chochote, ataangalia nguo.

Akigusa mahali palepale alipogusa mteja, mjadala umekwisha. Asipoona kosa, usifurahi haraka. Mvishe mtu mwenye mwili wa karibu na ule, mwambie aketi na ainue mikono.

## Hatua ya 9: Fuata kosa hadi lilipoanzia

Hapa ndipo sehemu ya tatu ya maneno yake, ile ya Ijumaa usiku, ilipopata uzito. Mkono na nyonga vyote viwili vingeonekana kama mteja angevaa gauni kwa majaribio kabla halijamalizwa. Hakuvaa, kwa sababu lilimalizwa usiku wa kuamkia sherehe. Na lilimalizwa usiku kwa sababu wiki hiyo fundi alipokea sare za mazishi juu ya kazi alizokuwa nazo.

Kwa hiyo makosa matatu yalikuwa na mzizi mmoja. Angerekebisha kwapa na nyonga akaacha mzizi, Jumatatu nyingine ingemkuta na mteja mwingine.

Tofautisha tu mambo haya: lalamiko la mtu mmoja linarekebisha nguo moja. Likirudi kutoka kwa watu watatu wasiojuana, badilisha namna unavyokata. Ndiyo sababu daftari la malalamiko halitupwi. Tulipolisoma nyuma, kwapa lilikuwa limetajwa mara mbili tayari, na kina cha shimo la mkono hakikuwa na mstari kwenye karatasi yake ya vipimo. Alikuwa akikichora kwa macho.

## Hatua ya 10: Rudi kwa mteja na namba

Piga saa ileile uliyoahidi. Anza na ulichokikuta, kwa maneno mafupi: "Mama, nimelipima. Shimo la mkono nililishusha inchi moja na nusu, ndiyo maana lilikubana na kupwaya. Nyonga sikukuachia nafasi ya kuketi. Yote mawili naweza kuyarekebisha bila malipo. Alhamisi uje ulivae kabla sijamaliza."

Kama kuna jambo ambalo si lako, huu ndio wakati wake, na liseme baada ya yako: "Kiuno kimepungua inchi moja kuliko tulivyopima mwezi wa nane, tukipime upya." Namba haina kiburi, na mtu aliyesikia umetaja makosa yako kwanza huipokea.

Akikataa marekebisho, usibishane. Mrudishie pesa ya ushonaji kwa M-Pesa siku hiyohiyo, gauni na mabaki ya kitenge umkabidhi, na uandike daftarini kiasi ulichorudisha. Kitambaa hukukiuza wewe, kwa hiyo hulazimiki kukilipa isipokuwa kimeharibika kiasi cha kutovalika.

Yule mama alikubali. Alikuja Alhamisi bila kusema mengi, akavaa, akaketi, akanyanyua mikono, akaomba pindo lipandishwe nusu inchi. Karatasi ya vipimo ya fundi sasa ina mistari miwili mipya, kina cha shimo la mkono na nyonga akiwa ameketi. Na ukutani kuna kalenda ambayo siku 3 kabla ya kila tarehe ya kuchukua nguo imeandikwa "kuvaa." Siku ya kuvaa ikikosekana kwa sababu wiki imejaa, kazi hiyo haipokei.